Mwalimu kaandika mtoto apimwe, baba yake kagoma kusaini. Naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa, naandika kuhusu mtoto wa mdogo wangu. Tuko Almería huku kusini mwa Hispania, mdogo wangu anafanya kazi kwenye mahema ya plastiki ya kulima nyanya na pilipili hoho, wifi yangu anafanya usafi hotelini, kwaiyo Kihispania chao ni cha kazini tu na karatasi yoyote ya shule inaletwa kwangu. Mtoto ana miaka tisa, alikuja kutoka Tanga mwaka jana akaanzia darasa la tatu, saivi yuko la nne.

Kabla ya likizo ya Krismasi ripoti ya muhula wa kwanza imekuja. Lengua, yani somo la Kihispania, ameandikiwa Insuficiente, hesabu Insuficiente, Conocimiento del Medio, lile la mazingira na jamii, Suficiente, michezo Sobresaliente. Baba yake alikuwa ameshasomewa na mtoto mwenyewe kwamba Suficiente ni nzuri sana, nikabidi nikae nae nimpangie vizuri, ya chini kabisa ni Insuficiente maana yake kafeli, Suficiente kapita kwa kubana, halafu Bien, Notable, na juu kabisa Sobresaliente. Na nikamwambia asimchape mtoto kwa hilo, maana hapa kurudia darasa primary wanafanya kwa nadra, mara moja tu kwa miaka yote sita, ila wanaamua mwisho wa la pili, la nne na la sita, na yeye ndo yuko la nne, yani mpaka Juni kuna muda lakini sio wa kulala.

Shida kubwa ni ujumbe wa mwalimu. Kaandika mtoto ni mchangamfu, anashiriki darasani, ila kusoma na kuelewa kunampa tabu, haleti homework, na anapendekeza afanyiwe evaluación psicopedagógica, wazazi waende kuonana nae na kuna karatasi ya kusaini. Nilivyolitafsiri hilo mdogo wangu akasimama kabisa, dada unaniambia mwanangu ni chizi? Nikamweleza sio hospitali ya wagonjwa wa akili, ni mtaalamu anaekuja shuleni, anamfanyisha mtoto mazoezi ya kusoma, kukumbuka na kufikiri, anaongea na wazazi na walimu, halafu anaandika msaada gani unafaa. Inaweza kuwa kusomeshwa pembeni na mwalimu maalum, au kazi zake zirahisishwe darasani. Wifi anataka kusaini leo leo, mume kasema hasaini mpaka ajue mwisho wake ni nini, wanaogopa pia mtoto ataandikwa jina ambalo litamfuata mpaka sekondari.

Na mimi mwenyewe nimekwama, nawaambia ukweli. Mtoto hesabu za namba tupu anazifanya fasta. Ikija ile ya maneno, mfano Juan ana euro ngapi, sijui masanduku sita kila moja machungwa kumi na mbili, anakaa tu anaangalia. Nikimsomea kwa sauti kwa Kihispania anaelewa nusu, nikimwambia kwa Kiswahili ananijibu sabini na mbili hata sijamaliza. Hapo naona ni lugha tu. Uwanjani anaongea na wenzake kama kazaliwa hapa, na nadhani hilo ndo linampoteza mwalimu, sababu Kihispania cha mpira mtoto anakipata kwa mwaka mmoja lakini cha vitabuni kinachukua miaka, wa kwangu mwenyewe ilikuwa hivo hivo na yeye alisaidiwa na ATAL, yale madarasa ya lugha ya watoto wageni hapa Andalucía. Huyu hajawahi kupelekwa huko.

Lakini upande wa pili, nikimpa aya fupi ya Kiswahili asome anaruka herufi, anageuza silabi, anachoka haraka. Labda ni kwa sababu alihama kabla hajashika vizuri, labda kuna kitu kweli kwenye kusoma kwake. Kwaiyo sitaki kumwambia mdogo wangu akatae kabisa, mtoto akaja kukosa msaada anaouhitaji.

Nilichofikiria ni twende wote watatu kwa mwalimu, mtoto abaki nyumbani asitafsiri mambo yake mwenyewe, tuulize kwanza kama anaweza kuingia ATAL, na kama ni kupimwa basi mpimaji ajue Kiswahili ndo lugha yake na aambiwe hili la hesabu za maneno.

Sasa naomba kwa waliopitia hili huku Hispania. Mlisaini kwanza mkauliza baadae au mliomba mtoto apewe muda wa lugha kabla ya kupimwa? Waliopimwa walipewa nini hasa, na matokeo yakibadilika mtoto akishajua lugha yanaandikwa upya? Na huyu mdogo wangu nimweleze vipi neno hilo la psico bila kuona aibu, maana miadi ni tukifungua shule Januari na mpaka sasa anasema haendi.

Shangazi wa Almería