Gauni lile lilikuwa la nani?

Mpenzi Mwanaidi,

Salamu nyingi. Hujambo, na watoto hawajambo? Huku sote wazima, Bi Zuhura amepata nafuu na anakusalimu. Insha yako imenifikia, na kwa kuwa inatakiwa Ijumaa, nayaruka mengine yote. Habari za harusi ya Saida zitangoja.

Uliniomba nikuchagulie kichwa kimoja kati ya vitatu: "Jinsi Cherehani ya Mama Ilivyonifunza Kusamehe", "Umuhimu wa Kuwaelewa Wazazi Wetu" na "Safari Yangu ya Kuomboleza". Ndugu yangu, sikuchagua hata kimoja. Vyote vinatoa jibu kabla msomaji hajalisikia swali. Akishasoma cha kwanza tu, anajua kuna mama, kuna cherehani, palikuwa na kinyongo, na mwisho wake ni msamaha. Asome nini tena? Cha pili hata cherehani hakina. Ukikibandika juu ya insha ya mtu mwingine yeyote kitakaa vilevile. Maneno kama "jinsi", "umuhimu", "safari" na "somo" yakitokea kwenye kichwa, mara nyingi ni dalili kwamba mwandishi ametaja alikofika badala ya jambo lililomsumbua.

Aya ya kwanza ina ugonjwa huohuo. Umeanza na methali, kisha ukaandika kwamba kifo cha mama kilikufunza kuwa hatuwajui wazazi wetu kama tunavyodhani. Methali ni hukumu iliyokwisha kutolewa, na sentensi inayofuata ni hukumu ya pili. Iweke aya hiyo kando ya aya yako ya mwisho uzisome kwa sauti. Utaona ni aya moja imeandikwa mara mbili. Ndivyo inavyokuwa: mtu huandika akitafuta la kusema, akilipata mwishoni hulipandisha juu ili msomaji asipotee. Kwenye insha ya hoja hilo ni sawa kabisa, kwa sababu msomaji anataka msimamo wako mapema aupime. Kwenye insha ya nafsi anataka akuone ukitafuta, na ukishamwambia ulichopata, utafutaji wenyewe unakosa kazi.

Swali unalo, tena zuri mno, ila umelizika ukurasa wa pili. Aya ya nne unasema mlipofungua chumba cha mama, cherehani ilikuwa na kazi: gauni la mtoto wa miaka kama minne, mkono mmoja umeshashonwa, wa pili umeishia nusu, kitambaa kingali kimebanwa chini ya sindano. Ukoo mzima hauna mtoto wa umri huo. Umeyasema hayo kwa sentensi mbili, ukakimbilia kugawana vyombo. Halafu aya ya saba, kama vile unasema jambo dogo tu, unataja kwamba mama aliacha kushona miaka sita kabla ya kufa kwa sababu ya macho, na ndiyo maana gauni lako la harusi alilishona fundi wa kulipwa. Mwanaidi! Mambo hayo mawili hayawezi kukaa chumba kimoja kwa amani. Yasogeze yakutane.

Ningeanza hivi:

"Alisema ni macho. Kwa ajili ya macho hayo gauni langu la harusi lilishonwa na fundi wa kulipwa, na miaka sita hakuna aliyemwona mama akikanyaga cherehani. Siku tulipofungua chumba chake, chini ya sindano palikuwa na gauni la mtoto, mkono mmoja umekwisha, wa pili nusu. Ukoo wetu hauna mtoto wa umri huo."

Tazama kisichokuwemo. Hakuna alama ya kuuliza, hakuna "siri", hakuna "ajabu", hakuna "sikujua kwamba siku ile ingebadili maisha yangu". Ni mambo yaliyotokea tu, yamewekwa karibu hadi yakagongana. Msomaji mwenyewe atauliza gauni ni la nani, na nyuma yake atauliza lililo zito zaidi: macho yale yalikuwa kweli, au mama hakutaka kukushonea? Swali la kwanza litamfanya afungue ukurasa wa pili. La pili ndilo litakaloibeba insha hadi mwisho. "Je, umewahi kujiuliza...?" haifanyi kazi hiyo, kwa sababu inamwomba msomaji ajiulize kabla hujampa cha kujiulizia.

Kichwa kiwe "Mama Aliacha Kushona". Kinasema jambo moja wazi, na aya ya kwanza inalitia shaka palepale. Ndiyo maana sikuirudia sentensi hiyo mwanzoni mwa aya. Kichwa na ufunguzi vikirudia neno lilelile, kimoja kinakula nafasi bure. Nilipima pia "Gauni la Mtoto Asiyekuwepo", nikakiacha. Kinavutia, lakini msomaji atangoja mtoto aliyekufa, na wewe huna habari hiyo. Ahadi usiyoweza kuilipa inamfanya ajione amedanganywa hata kama insha yenyewe ni nzuri.

Jambo moja nakuomba sana uliangalie. Pembeni ya rasimu umeandika kwa kalamu: "Lilikuwa pale. Limeningoja." Hilo ni fumbo, si swali. Nini kilikuwa pale? Pale wapi? Ukimficha msomaji mambo ya kawaida, hapati hamu bali anapotea. Mpe yote yanayoonekana, nani, wapi, lini, kitu gani, umwachie maana tu.

Kisha mpe Kheri kichwa na aya hiyo peke yake, umfiche zilizobaki. Muulize anataka kujua nini, na anadhani mwisho utakuwaje. Akikutajia mwisho wako sawasawa, bado umelitoa jibu mapema. Akiuliza nani anazungumza, umeficha kupita kiasi. Akisema "gauni la nani?" au "kwa nini alidanganya?", usiiguse tena.

Kuna gharama lakini. Ukurasa wa tatu wote, ule wa kugawana vyombo na maneno ya kaka yako, haulisogezi swali hata kidogo. Naona libaki lile tukio moja la kaka kusema cherehani iuzwe, kwa kuwa hapo ndipo gauni lingeondolewa chini ya sindano. Mengine ni insha nyingine. Na si lazima ujue mwisho gauni lilikuwa la nani, mradi msomaji akuone umelitafuta jibu hasa, hatua kwa hatua, na akuone unavyobadilika ukikaribia lile la macho.

Sasa nijibu haraka, maana haya hayamo kwenye rasimu na nadhani ndiyo mwili wa insha. Kitambaa kilikuwa kipya au masalio ya zamani? Mshono wa ule mkono uliokwisha umenyooka, au unayumba kama wa mtu asiyeona vizuri? Alikuwa na miwani, na mliikuta wapi? Majirani mliwauliza? Kaka yako anajua unaandika haya? Na wewe, ulipoliona gauni, ulilitoa au uliliacha vilevile?

Nitumie ukurasa wa kwanza na wa pili hata Jumatano usiku, nitazisoma siku hiyohiyo.

Wako akupendaye,
Rehema