Gharama ya kurejesha eneo la mgodi ihesabiwe kabla ya tani ya kwanza

Hesabu nyingi za machimbo tunazoletewa zina kasoro ileile: gharama ya kila tani inaonekana ndogo kuliko ilivyo kweli. Mwenye mgodi ameandika alicholipa kupata haki ya kuchimba, ameandika gharama za utafiti na za kufungua shimo, akagawanya kwa tani zilizomo ardhini. Kazi ya kufukia mashimo, kubomoa mitambo na kurudisha udongo wa juu haimo. Ameiacha kwa ajili ya mwaka wa kufunga, mwaka ambao hakutakuwa na mbale ya kuuza wala mapato ya kuibeba.

Viwango vya kimataifa vya uhasibu, IAS 16 na IAS 37, havikubali hilo. Sheria, leseni, au hata ahadi uliyoitoa hadharani na watu wakaitegemea, ikikulazimu kurejesha eneo, deni huanza siku unayoharibu ardhi. Siku hiyohiyo makadirio ya deni huingia kwenye gharama ya mali, kwa sababu bila kukubali wajibu huo usingeruhusiwa kuyafikia madini.

Tuchukue mgodi mmoja wa mfano, wa sarafu yoyote upendayo. Ardhi na haki za madini zimenunuliwa kwa 7,000,000. Utafiti na maandalizi ya shimo vimegharimu 2,400,000. Wahandisi wamekadiria kwamba urejeshaji, utakaofanyika baada ya miaka 5, utagharimu 1,610,510, na wamekwisha kuzingatia kupanda kwa bei hadi wakati huo.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza upande wa pili: wanaongeza hizo 1,610,510 zote kwenye mali. Pesa itakayolipwa baada ya miaka 5 haina uzito wa pesa inayolipwa leo, kwa hiyo kinachoingia ni thamani yake ya sasa. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 10 kwa mwaka, tunagawanya 1,610,510 kwa 1.1 mara tano mfululizo, tunapata 1,000,000. Tunadebiti mali ya madini 1,000,000 na kukrediti dhima ya urejeshaji kiasi hichohicho. Hakuna senti iliyotoka benki, lakini mizania sasa inasema ukweli pande zote mbili.

Gharama ya mali imefika 10,400,000. Ardhi ikishatengenezwa inatarajiwa kuuzwa kwa 400,000, kwa hiyo kiasi cha kugawanya kwa madini ni 10,000,000. Ripoti ya jiolojia inaonyesha tani 250,000 zinazoweza kuchimbwa kwa faida. Kila tani inayotoka inabeba 40, na kati ya hizo, 4 ni za urejeshaji. Hizo 4 ndizo zilizokuwa zikikosekana kwenye bei ya wenye machimbo niliowataja mwanzo.

Mwaka wa kwanza zimechimbwa tani 60,000, na zimeuzwa 50,000. Upungufu wa mali ya madini, yaani gharama ya mali inayobebwa na tani zilizochimbwa, ni 2,400,000, lakini si zote zinazopunguza faida ya mwaka. Tani 10,000 bado zimelundikwa uwanjani, na 400,000 zinakaa nazo kama sehemu ya gharama ya bidhaa zilizobaki mpaka zitakapouzwa. Zinazoingia kwenye gharama ya mauzo ni 2,000,000. Mhasibu anayepeleka 2,400,000 zote kwenye hasara anaonyesha mwaka mbaya kuliko ulivyokuwa, kisha mwaka unaofuata unaonekana mzuri bila sababu.

Dhima nayo haikai palepale. Mwaka mmoja ukipita, siku ya kulipa imesogea, na 1,000,000 inakua kwa asilimia 10 kuwa 1,100,000. Ongezeko hilo la 100,000 ni gharama ya fedha, sawa na riba, na linaingia moja kwa moja kwenye faida na hasara. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu tunaliona mara kwa mara limekosewa: halichanganywi na upungufu wa madini, wala haliingii kwenye gharama ya mbale iliyolundikwa. Upungufu hufuata tani. Riba hufuata muda. Mgodi ukisimama miezi 6 kwa sababu ya mafuriko, tani hazipo na upungufu haupo, lakini riba ya dhima inaendelea.

Miaka inayofuata dhima huongezeka kwa 110,000, 121,000, 133,100 na 146,410. Jumla ya riba ya miaka yote 5 ni 610,510. Ukiijumlisha na 1,000,000 iliyopita kwenye tani, unarudi kwenye 1,610,510. Huo ndio ukaguzi tunaoufanya kwanza tukipokea daftari la mtu: je, njia hizi mbili zikijumlishwa zinafika kwenye gharama iliyokadiriwa? Zikizidi, mara nyingi urejeshaji umehesabiwa mara mbili. Zikipungua, dhima ilisahauliwa kukuzwa.

Makadirio hayadumu, na mabadiliko yake hayarekebishwi kwa kurudi nyuma. Tuseme mwisho wa mwaka wa kwanza wahandisi wanarudi na kusema kazi itakuwa kubwa zaidi, na ongezeko hilo kwa thamani ya siku hiyo ni 190,000. Dhima inapanda kwa 190,000 na mali inapanda vivyo hivyo. Kiasi kilichobaki cha kugawanya kilikuwa 7,600,000, sasa ni 7,790,000. Tani zilizobaki ni 190,000, basi kila moja itabeba 41. Tani 60,000 za mwaka uliopita haziguswi.

Kinachoumiza zaidi ni akiba ya madini ardhini kupungua. Kama badala yake wanajiolojia wangesema zimebaki tani 152,000 tu, zile 7,600,000 zingegawanywa kwa hizo, na kila tani ingebeba 50. Mwenye mgodi aliyefunga mkataba wa kuuza kwa bei ya kudumu anapaswa kulijua hilo mwezi huohuo. Mali yenyewe pia ipimwe kama bado inaweza kurudisha thamani iliyoandikwa.

Kuna mpaka mmoja ambao haupaswi kuvukwa. Uharibifu uliofanywa kufungua mgodi, yaani barabara, misingi ya mitambo na udongo ulioondolewa, unaingia kwenye mali kama tulivyoeleza. Uharibifu unaoongezeka kwa sababu ya kuchimba kwenyewe, kama kifusi kinachorundikwa kila wiki, ni gharama ya uzalishaji wa tani za kipindi hicho. Deni lake hutambuliwa kadiri unavyochimba.

Pia, pesa uliyoiweka kwenye akaunti maalumu ya kufunga mgodi haiifuti dhima. Ni mali inayosimama peke yake, na deni linabaki upande wake mpaka kazi ifanyike. Kazi ikiisha na bili ikawa 1,700,000 badala ya 1,610,510, zile 89,490 za ziada ni hasara ya mwaka huo.

Tukikufanyia hesabu hizi tunahitaji mambo matatu kutoka kwako: mpango wa kufunga mgodi wenye gharama za wahandisi, ripoti ya akiba ya madini yenye tarehe, na daftari la tani za kila mwezi likitenganisha zilizochimbwa na zilizouzwa. Daftari hilo la tatu ndilo linalokosekana mara nyingi, na bila hilo hatuwezi kujua ni kiasi gani cha upungufu kimebaki uwanjani.