Pesa za hisa zikipita kwenye simu: tuliyoyasema kikaoni Wete

Kikundi kimoja cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Wete kilitualika sisi mawakala tuzungumze kidogo kabla ya hisa kuhesabiwa. Baadhi ya wateja wetu wa dukani wametuomba tuyaandike yale maneno, nasi tumeyaweka hapa karibu kama yalivyosemwa.

Assalaam alaykum mama zangu na dada zangu. Sitawachosha. Nitazungumzia ujumbe mmoja tu, ule unaosema umepokea pesa, kisha dakika mbili baadaye simu inalia.

Tuchukue mfano. Laini ya kikundi ina salio la shilingi 412,000. Mweka hazina yuko jikoni, ujumbe unaingia: umepokea 180,000, salio lako jipya ni 196,500. Hajaumaliza kuusoma, mtu anapiga. Sauti ya unyonge, salamu ndefu. "Mama yangu, nimekosea namba. Hizo ni pesa za mgonjwa, yuko hospitali Unguja. Nirejeshee 150,000 tu, hiyo thelathini baki nayo." Hiyo thelathini ndiyo chambo chenyewe, maana mtu akishaona kuna chake ndani, haraka inamwingia.

Sasa tupige hesabu. Laini ilikuwa na 412,000. Kama 180,000 zimeingia kweli, salio lazima lisome 592,000. Ujumbe unasema 196,500. Pesa zimeingia halafu salio limepungua? Tapeli anaijua namba yako, lakini salio lako halijui, kwa hiyo amebuni. Ndiyo maana nawaomba daftari la kikundi liandikwe salio la laini kila baada ya muamala. Bila ya hilo hesabu hii haipigiki.

Tazameni pia ujumbe umetoka wapi. Wa kampuni huja kwa jina la huduma, na hukaa pamoja na jumbe zenu za zamani za miamala. Huu mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida, ya sifuri saba au sifuri sita. Lakini msitegemee jina peke yake, kwa sababu majina nayo huigwa. Lisiloigika ni salio mnaloliuliza wenyewe: kwa M-Pesa `*150*00#`, kwa Airtel Money `*150*60#`, kwa Halopesa `*150*88#`. Kateni simu ya huyo mtu kwanza, ndipo muulize. Mkirejesha bila kuangalia, zinazotoka si zake, ni hisa zenu.

Mama mmoja akauliza: "Na kama zimeingia kweli?" Swali zuri, maana watu hukosea namba kweli. Hata hapo usirejeshe kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, 100, awape namba ya kumbukumbu ya muamala, na kampuni ishughulike. Wewe usizitumie, ziache zilipo. Ukimtumia mwenyewe, naye akawa tayari amelalamika kwa kampuni, zinaweza kukatwa kwenye laini yako mara ya pili.

Upande wa kutuma ni mfupi. Kabla ya namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisomeni, tena kwa sauti, mwenzako akiwa na daftari. Hapa kwetu laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mume au la mtoto, basi kila mwanachama aseme leo laini yake ina jina la nani, liandikwe. Siku jina jingine likitokea, mnasita. Na ukija ujumbe kwamba fulani amebadilisha namba, mkopo wake utumwe huku, mpigieni kwa namba ya zamani mumsikie sauti.

Sanduku lenu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Laini nayo iwe hivyo: simu kwa mmoja, namba ya siri kwa mwengine. Hata mimi wakala msinitajie. Wakala anayeomba namba ya siri ili "akusaidie haraka", ondokeni dukani kwake, hata kama duka ni letu.

Ikiwa pesa zimeshakwenda, msianze kwa kuja dukani kulalamika. Wakala hana uwezo wa kuzirejesha. Pigeni 100 pale pale, kabla hajazitoa, maana akishazitoa kampuni haina cha kuzuia. Ule ujumbe msiufute, upelekeni kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma, kisha mkaripoti kituo cha polisi mkiwa na simu yenyewe mkononi.