Mtoto Ametulia Tumboni: Amelala au Kuna Tatizo?

Mama mmoja mwenye mimba ya wiki 34 alifika kituoni kwetu jioni akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, akaeleza kwamba hakumhisi mtoto akicheza tangu mchana. Tulimlaza kwa ubavu, tukamfunga mikanda ya mashine inayofuatilia mapigo ya moyo wa mtoto, tukasubiri. Kwa dakika 25 mapigo yalibaki karibu na 135 kwa dakika, mstari kwenye karatasi ukitikisika kidogo tu. Kisha mtoto akajigeuza, mapigo yakapanda hadi 155, yakashuka, na muda mfupi baadaye yakapanda tena. Mtoto alikuwa amelala.

Katika miezi ya mwisho, mtoto aliye tumboni hulala kwa vipindi vya dakika 20 hadi 40, na ni nadra kipindi kimoja kuzidi dakika 90. Ndiyo maana hatukatishi kipimo haraka karatasi inapoonyesha utulivu. Mama mwenye shughuli nyingi huenda pia asitambue mateke ya mchana, hasa kondo la nyuma likiwa upande wa mbele wa tumbo, kwa kuwa hupunguza nguvu ya mateke hayo.

Wengi hutuuliza kama wanaweza kumwamsha kwa muziki au kwa mwanga wa tochi ya simu. Ni kweli kwamba anasikia: kuanzia wiki ya 24 hivi huanza kuitikia sauti, na sauti ya mama humfikia vizuri kuliko nyingine kwa sababu hupitia pia mwilini mwa mama mwenyewe. Kope hufunguka karibu na wiki ya 26, na mwanga mkali unaoelekezwa tumboni unaweza kumfanya ashtuke. Hata hivyo, kushtuka mara moja hakuthibitishi kwamba yu salama. Hata kifaa cha nyumbani cha kusikiliza moyo hakitoshi, kwani mapigo yanaweza kusikika ilhali mtoto amekwisha kuanza kudhoofika, na wakati mwingine kinachosikika ni damu ya mama.

Kipimo tunachokiamini zaidi nyumbani ni mazoea ya mtoto wako mwenyewe. Baada ya wiki ya 28, ukiona amepunguza kucheza na huna uhakika, lala kwa ubavu, acha shughuli nyingine, umsikilize kwa muda usiozidi saa 2. Usipohisi miondoko 10, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ikiwa hachezi kabisa, usihesabu. Nenda mara moja.

Tunasikitika kila tunapomwona mama aliyeambiwa kwamba mtoto hupunguza kucheza uchungu unapokaribia, akakaa nyumbani siku nzima. Nafasi inapobana, mateke makali huweza kugeuka kuwa kujinyoosha na kujisukuma, lakini miondoko yenyewe haipaswi kupungua hadi anapozaliwa.