Kilo Moja kwa Usiku Mmoja: Tumekuibia, au Jumamosi Haikuandikwa?

Wiki iliyopita kaka mmoja tunayempangia chakula alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kifupi ni hivi: amelipa 60,000 kwa wiki nne, anafuata ratiba "kama dini", na Jumapili asubuhi mizani imemwonyesha kilo moja zaidi ya Jumamosi. Anataka hela yake. Tena rafiki yake ana ratiba kama hiyo na aliipata bure.

Malalamiko haya tunayapata karibu kila mwezi, kwa hiyo tuyajibu hapa mara moja.

Ratiba yake ni hii. Kwa hesabu yetu mwili wake unatumia kama kalori 2,150 kwa siku. Tukampa wastani wa 1,800, yaani 12,600 kwa wiki nzima. Anabeba vyuma Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, basi siku hizo tatu anakula 2,100, tunaziita siku za juu. Siku nne zilizobaki ni za chini, 1,575 kila moja. Mara tatu 2,100 ni 6,300, mara nne 1,575 ni 6,300. Ukijumlisha unarudi kwenye 12,600 ile ile. Siku ya juu si zawadi, imeshalipiwa na siku za chini.

Protini haiguswi, gramu 120 kila siku. Mafuta hayabadiliki sana. Kinachopanda na kushuka ni wanga: karibu gramu 290 siku ya juu, 150 siku ya chini. Kwa lugha ya jikoni, tofauti hiyo ni kama gramu 180 za mchele mkavu. Nasisitiza mkavu, kabla haujaingia sufuriani. Dada mmoja alipima gramu zile zile kwenye wali ulioiva, ambao karibu theluthi mbili ni maji, akashangaa kwa nini anaishiwa nguvu mazoezini siku tuliyomwambia ale vizuri.

Na niseme ukweli ambao wenzetu wengine kwenye biashara hii hawausemi: kupanga siku za juu na za chini hakuyeyushi mafuta zaidi ya kula 1,800 kila siku, ilimradi jumla na protini ni zile zile. Tunapanga hivi kwa sababu mtu anabeba uzito vizuri akiwa na wanga, na kwa sababu Jumamosi nyumbani kuna pilau. Basi.

Sasa hiyo kilo. Wanga unaozidi matumizi ya wakati ule mwili huuhifadhi kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ongeza chumvi ya pilau, na chakula ambacho bado kiko tumboni. Kilo ya mafuta ya mwilini inabeba karibu kalori 7,700. Hakuna aliyekula ziada hiyo kwa usiku mmoja, hata kwenye harusi ya Kichaga. Kwa mteja wetu, asubuhi za Jumatano, Ijumaa na Jumapili uzito lazima upande. Usipopanda ndiyo nitauliza kama kweli alikula wanga wake.

Ndiyo maana tunataka upime kila asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, halafu tulinganishe wastani wa wiki na wastani wa wiki. Wiki yake ya kwanza ilisoma 84.0, 83.7, 84.6, 83.9, 84.7, 84.0 na 85.0. Wastani 84.27. Mteja mwingine mwenye ratiba kama yake alianza na wastani huo huo, wiki ya pili akapata 83.91. Ameshuka gramu 360, karibu sawa na tulivyotarajia. Lakini angechukua Jumanne ya wiki ya kwanza, 83.7, na Jumapili ya wiki ya pili, 84.4, angeapa kwamba amenenepa. Kina dada, karibu na siku zenu maji huongezeka zaidi, kwa hiyo linganisheni na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Kaka wa ujumbe wa sauti, yeye wastani wake wa wiki ya pili ulishuka gramu 100 tu. Hapo ana haki ya kuuliza. Nikafungua jedwali lake. Jumatatu hadi Ijumaa safi kabisa, jumla 8,925. Jumamosi na Jumapili tupu. Chini kabisa wastani umeandikwa 1,785, na yeye anauamini.

Huu ndio mkato unaowagharimu watu. Alitumia `=AVERAGE(B2:B8)`, na fomula hiyo huruka seli tupu: ikagawa kwa tano, kana kwamba wikiendi haikuwepo. Wengine hutumia `=SUM(B2:B8)/7`, ambayo ni mbaya kwa upande wa pili, maana siku tupu inahesabiwa kama mfungo. Kwake ingeonyesha 1,275. Sisi tunaweka hii:

```
=IF(COUNT(B2:B8)=7,SUM(B2:B8)/7,"Jaza siku zote")
```

Tukampigia simu, tukazijenga upya zile siku mbili, sahani kwa sahani. Jumamosi: pilau, soda mbili, usiku chipsi mayai. Karibu 3,100. Jumapili, ambayo ilikuwa siku ya chini, 2,300. Jumla ya wiki ikawa 14,325, wastani 2,046. Upungufu tuliompangia ni 2,450 kwa wiki. Siku mbili zilikula 1,725 humo. Kilichobaki, 725, ni karibu gramu 100 za mafuta. Mizani haikudanganya, na ratiba pia haikudanganya.

Angetuambia mapema kuhusu sherehe, dawa ilikuwa rahisi: Alhamisi inageuzwa kuwa siku ya chini, zile 525 zinahamia Jumamosi, anakula 2,625 na jumla haiguswi. Asichotakiwa kufanya ni kulipa deni Jumapili kwa kushinda na chai kavu. Mama mmoja alifanya hivyo wiki tatu mfululizo, na kila Jumatatu usiku aliishia jikoni na chapati nne.

Siku za chini nazo zina mtego wake. Ukipunguza wali ukaweka karanga, gramu 100 zinakaribia kalori 600. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kula ni 120, na mboga za nyumbani kwetu hukaangwa kwa vijiko vitatu bila mtu kuhesabu. Wanga umeshuka, kalori ziko pale pale.

Kuhusu 60,000: ratiba yenyewe naiandika kwa nusu saa. Unacholipia ni zile Jumatatu nne ninazokaa na namba zako saba na kuuliza ya nane iko wapi, yaani ile soda. Rafiki yake aliyepata ya bure ana kilo 68. Jumla ya mtu mwingine haikuhusu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari hatumpangii siku za juu na chini. Akaanze kwa daktari wake, maana wanga ukishuka ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kuanguka.

Hela hatukurudisha. Tulimwongezea wiki moja, kwa sharti kwamba Jumamosi iandikwe Jumamosi ile ile. Jana usiku ameleta namba: 2,480, na picha ya sahani.