Yah: Malalamiko kuhusu deni la kodi linalozuia uhamisho wa Fuso mliyoniuzia

Kibaigwa, Kongwa
S.L.P. Kongwa, Dodoma
23 Juni 2025

Kwa Meneja,
Tawi la Dodoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 14 Aprili 2025 nilinunua kwenu Fuso iliyotumika kwa sh. 45,000,000. Fedha yote niliilipa siku hiyohiyo kupitia benki, mkataba tukausaini mbele ya wakili hapa Dodoma mjini, na mkanikabidhi kadi halisi ya gari. Kifungu cha 4 cha mkataba huo kinasema gari linauzwa likiwa halina deni wala zuio lolote. Leo ni siku ya 70 na gari bado linasoma jina la kampuni yenu.

Sikuchelewa kwa uzembe. Wiki iliyofuata nilikwenda ofisi ya TRA Dodoma na nyaraka zote. Ushuru wa stempu wa asilimia 1, yaani sh. 450,000, nilikuwa nimeshautenga. Hatukufika hata kwenye kutoa kontrol namba. Afisa aliingiza namba ya gari, akanigeuzia uso kwa upole, akasema: "Mzee, TIN ya muuzaji ina zuio la deni. Mwambie muuzaji alifuatilie." Nilipomuuliza ni deni gani na la shilingi ngapi, alinieleza kwamba taarifa za mlipakodi ni siri kisheria na mimi si mwenye akaunti. Alikuwa sahihi, nami simlaumu. Lakini hapo ndipo nilipoelewa kwamba jambo hili hata nikilala pale mlangoni siwezi kulimaliza. Ni ninyi peke yenu mnaoweza.

Nilimpigia mhasibu wenu siku hiyo. Akajibu kwamba kampuni haina deni, kwamba kinachoonekana ni kodi ya mapato ya awamu ya Septemba 2024, na kwamba ililipwa. Akanitumia picha za risiti mbili za benki, akaniambia nimpelekee afisa, gari litafunguliwa. Nilizipeleka. Hazikufungua kitu. Nimezipeleka mara tatu.

Mara ya tatu, baada ya kurudishwa, niliketi kibandani kwangu sokoni nikazichapisha na kuzilaza juu ya mizani, moja kando ya nyingine. Ya kwanza ni ya tarehe 26 Septemba 2024, sh. 3,640,000. Ya pili ni ya tarehe 30 Desemba 2024, sh. 3,640,000. Kontrol namba zake ni tofauti. Lakini kwenye mstari wa maelezo ya malipo, zote mbili zimeandikwa awamu ya Desemba. Hakuna risiti hata moja kati ya hizo mbili iliyoandikwa Septemba.

Kwa hiyo mhasibu hasemi uongo, na TRA nao hawakosei. Fedha ilitoka, na ilitoka kabla ya mwisho wa Septemba, ndani ya muda. Ila aliyezalisha ile kontrol namba alichagua awamu isiyo yake, na malipo hufuata kontrol namba, hayafuati nia ya mlipaji. Mfumo ukaiweka fedha kwenye Desemba. Desemba ikaja kulipwa tena. Sasa akaunti yenu ina awamu moja iliyolipwa mara mbili na nyingine isiyolipwa kabisa, na hiyo isiyolipwa inazaa riba kila mwezi. Risiti inathibitisha kwamba mmelipa. Haithibitishi kwamba deni hili ndilo lililolipwa. Ndiyo maana kila nikiionyesha, afisa anaitazama, anaiamini, na bado hawezi kuondoa zuio.

Nimeuliza watu wanaofanya kazi hizi na njia yake haina ugumu. Mhasibu wenu aingie kwenye akaunti ya kampuni na kutoa taarifa ya akaunti ya kodi ya mapato kwa mwaka 2024. Humo salio la ziada la Desemba na deni la Septemba vitaonekana katika karatasi moja, na karatasi hiyo ina nguvu kuliko risiti kumi. Kisha kampuni iandike barua yenye muhuri, ikiomba malipo ya tarehe 26 Septemba yahamishwe kutoka awamu ya Desemba kwenda awamu ya Septemba, ikitaja kontrol namba na kiasi, na kuambatanisha risiti zote mbili. Barua hiyo iende ofisi ya TRA linakokaa faili lenu. Makao makuu yenu yako Dar es Salaam, na faili liko huko. Hapa Dodoma mna tawi tu, na ndiyo sababu safari zangu za kaunta ya Dodoma zimekuwa bure.

Kuna neno moja nawaomba msiliache katika barua hiyo: ombeni uhamisho wa malipo utambuliwe kwa tarehe yake halisi, 26 Septemba 2024. Ukiingizwa kwa tarehe ya leo, deni la msingi litafutika lakini riba ya miezi yote hii itabaki, na zuio linaweza kubaki kwa sababu ya hicho kidogo. Baada ya marekebisho, toeni taarifa ya akaunti upya na muone Septemba inasoma sifuri kabla ya kuniambia nirudi kaunta. Sitaki tena kuambiwa kwa simu kwamba limeisha.

Ndugu Meneja, mimi ni mnunuzi wa mahindi. Msimu wetu ndio huu, wakulima wanashusha sokoni Kibaigwa kila siku, na Fuso imesimama nyuma ya ghala langu imefunikwa turubai. Siwezi kuomba leseni ya LATRA ya kubeba mizigo kwa gari ambalo kadi yake ina jina la mtu mwingine. Tangu Mei nimekodi magari ya wenzangu kupeleka mzigo Dodoma, na hadi jana nimelipa sh. 1,900,000 ambazo ninazo stakabadhi zake. Dereva niliyemwajiri kwa ajili ya gari hili nimemlipa mwezi mmoja wa kukaa bure, kisha nikalazimika kumwachia aende. Ana watoto watatu. Hilo limeniuma kuliko fedha.

Nanyi pia hamjasalimika. Hadi kadi ibadilike, gari hili ni lenu kwenye kumbukumbu, na likipata faini au ajali jina litakalotafutwa kwanza ni lenu.

Ninaomba barua ya kurekebisha malipo ifikishwe TRA ndani ya siku 7 tangu mpokee barua hii, na nipatiwe nakala yake ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Ndani ya siku 30 zuio liwe limeondolewa, na mnirudishie sh. 1,900,000 za kukodi magari. Mkishindwa hilo, nitarudisha gari na kadi, nanyi mtanirudishia sh. 45,000,000, kwa kuwa kifungu cha 4 hakikutimizwa. Mwanasheria wangu anayo nakala ya barua hii.

Nimeambatanisha nakala ya mkataba, hati ya malipo ya benki, zile risiti mbili nikiwa nimepigia mstari neno Desemba kwenye kila moja, na stakabadhi za kukodi magari. Mhasibu wenu akitaka tukutane, nipo sokoni kila siku isipokuwa Jumapili, na kuja Dodoma mjini niko tayari siku yoyote atakayoitaja.

Wenu,

(sahihi)
Mnunuzi wa Fuso,
Mfanyabiashara wa mahindi, Kibaigwa