Barua ya malalamiko: doki yenu inabaki na volti 15 baada ya mashine kuchomolewa

Karakana ya simu na mashine za gemu,
Mwanjelwa, Mbeya.
14 Julai 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Waagizaji na wasambazaji wa vifaa vya kuchajia,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: DOKI YENU YA KUSIMAMISHA MASHINE ZA GEMU NA TABLETI INAUNGUZA SEHEMU YA KUCHAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni mafundi tunaotengeneza simu, tableti na mashine za gemu hapa Mbeya. Tangu mwezi Mei tumepokea Nintendo Switch tatu, moja ya mteja wa Mbeya mjini, moja kutoka Makambako na moja kutoka Iringa, zote zikiwa na ugonjwa mmoja na zote zikiwa zimetumia doki moja, yaani hiyo yenu nyeusi yenye kichwa cha Taipu C kinachosimama katikati. Tunawaandikia kwa sababu wakala wenu amemjibu mteja wa Iringa kwamba mashine yake imeharibiwa na umeme wa nyumbani unaopanda na kushuka, na kwamba dhamana haihusu uharibifu wa namna hiyo. Jibu hilo si sahihi, na vipimo vyetu vinaonyesha hivyo.

Tuanze na mashine zenyewe. Chaja halisi ya Switch hutoa volti 5 kwa ampea 1.5, au volti 15 kwa ampea 2.6. Volti 15 haziji hivi hivi. Chaja huanza na volti 5, kisha chaja na mashine huongea kupitia pini moja ndogo iitwayo CC, na mashine ikikubali ndipo volti zinapopanda. Ndani ya Switch anayefanya mazungumzo hayo ni chipu yenye maandishi M92T36. Switch nzima yenye betri iliyoisha, ukiiunganisha kwenye chaja yake kupitia kipima umeme cha USB, utaiona ikisimama kidogo kwenye volti 5 halafu ikiruka hadi 15. Hizi tatu hazikuruka. Zilikaa kwenye volti 5 na takriban ampea 0.4, saa nzima, na kwenye runinga hazikutoa picha.

Mbili kati yake zilikuwa na dalili ambayo fundi asiye makini anaweza kuipita: ukiugeuza waya juu chini, mashine inaruka hadi volti 15 na kuchaji vizuri. Soketi ya Taipu C ina pini mbili za CC, A5 na B5, na ni moja tu inayotumika kwa wakati mmoja kulingana na upande uliochomeka. Tulipopima kutoka A5 kwenda ardhi, pini ilikuwa imepiga shoti, wakati B5 ilisoma kama kwenye mashine nzima. Ya tatu chipu yake ilikuwa imekufa kabisa, lakini nayo shoti ilikuwa kwenye A5. Chini ya darubini, kwenye ulimi wa soketi, palionekana alama ndogo nyeusi kati ya A4 na A5 katika mashine zote tatu.

Hapa ndipo hoja ya umeme wa nyumbani inapoanguka. Umeme ukipanda ghafla, wa kwanza kuumia ni chaja iliyoko ukutani. Chaja za wateja wote watatu tumezipima na zinatoa volti 5 na volti 15 sawasawa. Kama balaa lingepita chaja, lingefuata njia kuu ya umeme, pini za VBUS, na kukutana na chipu ya kuchaji betri, BQ24193. Chipu hiyo ni nzima katika zote tatu. Kilichoungua ni pini ya mazungumzo peke yake, tena ile ile moja. Umeme wa ukutani hauchagui pini, na waya wa kawaida ungeua A5 leo na B5 kesho kwa sababu watu huuchomeka upande wowote. Doki huipokea mashine kwa upande mmoja tu siku zote.

Tulinunua doki yenu mpya dukani, ikiwa bado kwenye boksi, tukaifungua. Tulichomelea nyaya mbili nyembamba, moja kwenye VBUS inayokwenda kwenye kichwa na nyingine kwenye ardhi, tukazitoa nje hadi kwenye multimita iliyowekwa volti 20 za DC. Tukaweka Switch nzima, tukasubiri multimita isome volti 15.1, kisha tukaichomoa huku simu ikirekodi uso wa multimita. Kanuni za USB zinataka umeme kwenye pini hiyo ushuke chini ya volti 0.8 ndani ya milisekunde 650 baada ya kifaa kuondoka. Multimita ya kawaida haiwezi kupima milisekunde, hilo tunalijua. Lakini haikuhitajika. Kwenye doki yenu volti 15 zilibaki palepale kwa sekunde nne, kisha zikaanza kuteremka taratibu, na sekunde kumi baada ya kuchomoa bado tulisoma volti 4. Tulirudia mara tano kwa chaja mbili tofauti, matokeo hayakubadilika. Doki halisi, kwa nyaya zilezile na multimita ileile, ilishuka kabla uso wa multimita haujabadilika mara ya pili.

Sababu inaonekana kwenye bodi. Hakuna transista inayokata umeme kati ya chaja na kichwa, yaani mlango haupo. Doki inaendelea kushikilia mapatano ya volti 15 na chaja hadi itakapogundua yenyewe kwamba mashine imeondoka. Halafu kuna kapasita ya mikrofaradi 470 upande wa kichwa isiyo na resista ya kuimwaga, kwa hiyo hata umeme ukikatwa, kapasita inabaki imejaa. Nafasi za kuuzia transista na resista zipo kwenye bodi, na zimeachwa tupu. Hili ndilo lililotusikitisha zaidi: aliyechora saketi alijua vinahitajika, na aliyeitengeneza akaviacha. Resista ya omu 220 inayowashwa mashine inapotoka ingeimwaga kapasita hiyo ndani ya theluthi moja ya sekunde, mradi transista iwe imeshakata umeme wa chaja.

Sasa unganisheni hilo na umbo la doki. Katika Taipu C, pini ya A4 inayobeba volti zote iko jirani kabisa na A5. Kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ni nusu milimita, na nafasi tupu kati yake ni ndogo zaidi ya hapo. Kwenye doki halisi kichwa kinacheza kidogo ili kijipange chenyewe mashine inaposhuka. Chenu kimekazwa kwenye bodi, hakisogei. Kingo za kuongozea nazo ni pana kuliko mashine, na upande wa kulia zimeacha upenyo ambao kadi ya benki inaingia. Mtoto anapochomoa mashine na kuirudisha papo hapo, kama watoto wafanyavyo, inashuka ikiwa imeegemea upande huo huo kila mara, na pini ya A4 ya kichwa, ikiwa bado na volti 15, inaigusa A5 ya soketi. Pini ya CC ya M92T36 huvumilia volti 6 tu. Inatosha kugusa mara moja.

Si tatizo geni. Machi 2018, baada ya Nintendo kutoa toleo la 5.0.0 la mfumo wake, watumiaji wengi wa doki za watengenezaji wengine waliripoti mashine zao kufa. Mwagizaji wa vifaa hivi alikuwa na miaka saba ya kujifunza kabla ya kuleta doki hii.

Boksi lenu limeandikwa pia kwamba doki inafaa tableti zote. Hapo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu tableti nyingi za bei ndogo zinazouzwa hapa zinapokea volti 5 tu na hazijui mazungumzo yoyote. Ukichomoa Switch ukaweka tableti ndani ya zile sekunde nne, tableti inakutana na volti 15 ambazo haikuziomba. Yenye kinga itakataa kuchaji. Isiyo nayo itaunguza chipu yake ya kuchaji, na mwenye nayo ataambiwa tena kuwa ni umeme wa nyumbani.

Tunachodai ni haya. Muwalipe wateja hawa watatu gharama ya kubadilisha M92T36, Sh 85,000 kwa kila mashine, na muwarudishie bei ya doki. Vipimo, picha za darubini na video tumeviambatisha, na bodi zote ziko karakana kwa fundi wenu atakayetaka kuziona. Muondoe madukani doki za toleo hili. Mnaweza kuzitambua bila kufungua boksi zaidi ya moja kwa kila shehena, kwa kurudia kipimo tulichoeleza, ambacho hakizidi nusu saa. Na mfute maneno ya tableti zote kwenye boksi hadi mtakapokuwa na doki inayokata umeme.

Wakati tunasubiri, wateja wetu tunawaambia wachaji Switch moja kwa moja kwa chaja yake halisi bila doki. Asiyeweza kuacha runinga tunamwambia azime swichi ya ukutani kabla ya kuchomoa, na akishazima ahesabu hadi thelathini kabla ya kurudisha mashine, kwa sababu ile kapasita inabaki imejaa hata swichi ikizimwa. Ni ushauri wa kuvukia tu. Mzazi anaweza kuufuata; mtoto wa miaka tisa hataufuata.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Msipojibu, tutapeleka doki, video na nakala ya barua hii Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango Tanzania.

Wenu,

Mafundi wa karakana,
Mwanjelwa, Mbeya.

Viambatisho: picha sita za soketi chini ya darubini, video mbili za kipimo, nakala za risiti tatu za wateja na risiti ya doki tuliyonunua.